Kodi ya mali ya kila mwaka: nani anapanga thamani?

*"Shikamoo mwalimu. Shemeji yangu anaishi Bergen, Norwei. Anasema kila mwaka anatozwa kodi kwa mali aliyonayo tu, hata kama hakuuza kitu wala haikumwingizia chochote. Hiyo ni haki kweli? Na serikali inajuaje thamani ya nyumba au kampuni ambayo haijauzwa? Ana kiwanja Kibaha pia, sijui nacho kinahesabiwa. Huku kwetu wapo wanaosema tuwatoze matajiri wetu hivyohivyo. Inawezekana?" (Msomaji, Morogoro)*

Marahaba. Swali lako la pili ndilo lililobeba la kwanza, kwa hiyo nitatumia muda mwingi hapo. Nimefuatilia kodi hii miaka mingi, na kila mara naona watu wakigombania kiwango, kama kiwe asilimia moja au mbili, huku jambo linaloamua nani atalipa likiwa limejificha kwenye kanuni za uthamini ambazo hakuna anayezisoma.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mwisho wa mwaka unajumlisha vyote ulivyonavyo: fedha benki, hisa, nyumba, gari, boti. Unatoa madeni yako. Kinachobaki kikizidi kima kilichowekwa, ile ziada inatozwa asilimia ndogo. Nitatumia kanuni za Norwei za mwaka 2023 ili tusichanganyikiwe, maana viwango hubadilishwa mara kwa mara. Mwaka huo kima cha kuanzia kilikuwa kroni milioni 1.7 kwa mtu mmoja, na wanandoa mara mbili ya hapo. Kiwango kilikuwa asilimia 1, kikipanda hadi 1.1 kwa mali inayovuka milioni 20. Sehemu kubwa ilikwenda kwa manispaa anayoishi mlipakodi, iliyobaki serikali kuu. Norwei imeitoza kodi hii tangu 1892, kwa hiyo shemeji yako hakukutana na jaribio la juzi.

Kwa nini wanaitoza? Fikiria tajiri ambaye utajiri wake ni hisa za kampuni yake mwenyewe. Kampuni inapata faida na kulipa kodi ya kampuni, lakini yeye hajigawii gawio. Faida inabaki ndani, inanunua mali nyingine, na hisa zake zinapanda thamani mwaka hadi mwaka. Kodi ya mapato inamsubiri apokee gawio au auze, naye hafanyi lolote kati ya hayo. Akihitaji fedha ya matumizi anakopa benki kwa dhamana ya hisa hizo, na mkopo hautozwi kodi kwa sababu si mapato. Norwei kampuni inayomiliki kampuni nyingine hupokea gawio karibu bila kodi yoyote, kwa hiyo tajiri akiweka kampuni mama juu ya biashara zake, faida inaweza kuzunguka humo miaka mingi bila kumfikia yeye binafsi. Na tangu 2014 nchi hiyo haina kodi ya mirathi, kwa hiyo hata siku ya kufa kwake hakuna mkusanya kodi anayengoja mlangoni. Ukiyaweka hayo pamoja unaona kwamba kodi ya mali ndiyo karibu pekee inayomgusa mtu huyo kila mwaka. Mwuguzi wa Bergen anakatwa kwenye mshahara kila mwezi bila kuulizwa. Bila kodi hii, mwenye mabilioni angeweza kulipa binafsi sehemu ndogo ya mapato yake kuliko mwuguzi. Hoja hii naiona nzito, na sijaona aliyeijibu sawasawa.

Hoja ya pili ya wanaoitetea inahusu mali iliyolala. Kodi ya mapato inamtoza anayeitumia mali yake vizuri na kumwacha anayeikalia. Mwenye kiwanja katikati ya mji alichokizungushia ukuta tangu enzi za baba yake hana mapato ya kutozwa. Kodi ya mali inamfikia hata hivyo, na kila mwaka unamkumbusha kwamba kukaa tu kuna gharama. Atakijenga, atakipangisha, au atamuuzia atakayekitumia.

Sasa geuza upande wa pili. Chukua mstaafu mwenye akiba benki inayomlipa riba ya asilimia 3. Kodi ya mapato ya Norwei inachukua asilimia 22 ya riba hiyo, anabaki na 2.34. Kodi ya mali inachukua 1 ya akiba inayozidi kima, anabaki na 1.34. Bei za bidhaa zikipanda kwa asilimia 3 mwaka huohuo, akiba yake imepungua uwezo wa kununua, na bado amelipa kodi mara mbili. Kwa upande mwingine, mfanyabiashara ambaye mtaji wake unazaa asilimia 15 haisikii sana hiyo 1. Ndiyo kusema kodi hii, ukiitazama kama sehemu ya mapato, inambana zaidi mwenye mapato madogo kwenye mali yake na kumlegezea mwenye makubwa. Anayesema asilimia moja ni kitu kidogo hajaipima na kile mali inachozaa.

Kisha lipo suala la fedha taslimu, na hapa ndipo wenye viwanda vya ukoo wanapolalamika kwa sauti. Mtu anamiliki kiwanda cha samaki kilichothaminiwa kwa mamilioni mengi, lakini mfukoni hana kroni milioni moja ya kulipia kodi. Inabidi kampuni impe gawio. Gawio lenyewe, kwa mwaka 2023, lilitozwa asilimia 37.84 juu ya punguzo dogo lililopo. Ili abaki na milioni moja mkononi, kampuni inatoa takriban milioni 1.6. Fedha hiyo ingenunua mashine au kuwekwa akiba kwa mwaka mbaya. Mshindani wake mwenye hisa aliyeko Stokholmu au London, anayemiliki kiwanda cha jirani palepale Norwei, hadaiwi kodi hii kabisa, kwa sababu inamfuata mkazi wa Norwei na si kiwanda. Wenye mali wa Norwei wameisema hoja hiyo miaka mingi, na naikubali kuwa ni ya kweli, ingawa ukubwa wa madhara yake unabishaniwa.

Wengine wameamua kuhama. Mwaka 2022 Kjell Inge Røkke, mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi hiyo, alihamia Lugano, Uswisi, na wengine kadhaa walielekea hukohuko. Jambo ambalo habari nyingi haziligusi ni kwamba Uswisi nayo inatoza kodi ya mali kila mwaka. Kila jimbo la Uswisi lina viwango vyake na njia zake za kuthamini, na mtu binafsi akiuza hisa zake kwa faida kwa kawaida hatozwi kodi ya faida hiyo. Kwa hiyo waliohama waliondoka kwenye mfumo mmoja wa kodi wakaingia mwingine ambao, ukijumlisha kila kitu, unawagharimu kidogo.

Haya yote yanachukulia kwamba thamani inajulikana. Tuje sasa kwenye uthamini.

Kwa baadhi ya mali kazi imekwisha kabla hujaanza. Benki za Norwei zinapeleka kwa mamlaka ya kodi salio la kila mteja na deni lake. Hisa zilizo kwenye soko la hisa zina bei ya siku ya mwisho wa mwaka. Wenye hisa wa kampuni zisizo sokoni wako kwenye rejista moja ya kodi. Mlipakodi anapofungua fomu yake anaikuta imeshajazwa, yeye anahakiki tu. Hii ndiyo nguvu halisi ya mfumo huo: kwa sehemu kubwa mtu haulizwi utajiri wake, watu wengine wamekwisha kuusema.

Nyumba ni ngumu zaidi, lakini wamepata njia. Hawamtumi mthamini mlangoni. Idara yao ya takwimu inachukua bei za nyumba zilizouzwa kweli na kukokotoa bei ya mita ya mraba kufuatana na mahali, aina ya nyumba, umri na ukubwa. Nyumba ya shemeji yako inaingizwa kwenye hesabu hiyo na thamani inatoka. Haioni kama jiko limekarabatiwa au paa linavuja. Itakosea nyumba moja moja, ila kwa nyumba nyingi kwa pamoja inakaribia ukweli, na mwenye nyumba anayeona amezidishiwa anaruhusiwa kuleta tathmini ya mtaalamu na kuomba ishushwe.

Baada ya kupata thamani, sheria inaipunguza, na mapunguzo yenyewe hayalingani. Nyumba unayoishi ilihesabiwa kwa asilimia 25 tu ya thamani ya soko hadi milioni 10, na asilimia 70 kwa kinachozidi hapo. Hisa zilihesabiwa kwa asilimia 80. Fedha benki kwa asilimia 100. Na kampuni isiyo kwenye soko la hisa haikuthaminiwa kwa bei ambayo mnunuzi angeilipia. Ilichukuliwa mali iliyo kwenye vitabu vyake kwa thamani za kikodi, yakatolewa madeni, na jina la biashara pamoja na imani ya wateja havikuhesabiwa kabisa.

Tuwaweke watu wanne, kila mmoja na mali halisi ya kroni milioni 12, hana deni, hana mwenza.

Wa kwanza amepanga nyumba na ameweka fedha zote benki. Anatozwa kwenye 12 kutoa 1.7, yaani milioni 10.3. Analipa kroni 103,000.

Wa pili ana hisa zinazouzwa kwenye soko la hisa la Oslo. Milioni 12 zinakuwa 9.6 baada ya punguzo, ukitoa kima zinabaki 7.9. Analipa 79,000.

Wa tatu ana nyumba ya milioni 10 anayoishi, na milioni 2 benki. Nyumba inahesabiwa kuwa milioni 2.5, jumla 4.5, zinabaki 2.8 baada ya kima. Analipa 28,000.

Wa nne ana kampuni ya ushauri wa kihandisi. Mnunuzi angeilipia milioni 12 bila kusita kwa sababu ya wateja wake wa kudumu, lakini vitabuni mna kompyuta, samani na salio la benki, jumla milioni 1.5. Asilimia 80 ya hizo ni milioni 1.2, chini ya kima. Hadaiwi hata kroni moja.

Mali ni ileile kwa wote wanne. Hapo huwezi tena kusema kwamba nchi inatoza asilimia 1 ya utajiri. Inatoza kitu kati ya sifuri na karibu asilimia 0.9, kutegemea umeuweka wapi utajiri wako. Wanaojua kanuni hizi wanaziishi. Mtu mwenye milioni 4 taslimu angedaiwa 23,000. Akizitumia pamoja na mkopo wa milioni 6 kununua nyumba ya milioni 10, nyumba inaingia kwenye hesabu kwa 2.5 ilhali deni lake linatolewa lote. Kikodi ana mali hasi, hadaiwi kitu, na utajiri wake halisi ni uleule wa milioni 4. Ndiyo maana mtu anayetaka kujua kama kodi ya mali ni ya haki hana budi kuanza na jedwali la mapunguzo kabla ya kiwango.

Nyumba ya kuishi inapendelewa kwa sababu wapiga kura wengi wanayo. Kampuni zisizo sokoni zinahesabiwa kwa vitabu kwa sababu kuna uchungu wa kweli katika kuzithamini vinginevyo, na hapa inafaa tuwatazame Waswisi. Wao wana kanuni ambayo majimbo yote huifuata kwa mwongozo mmoja. Wanachukua thamani inayotokana na faida, wanaizidisha mara mbili, wanajumlisha na thamani ya mali iliyo vitabuni, kisha wanagawanya kwa tatu:

```
thamani = (2 × thamani ya faida + thamani ya mali) / 3
```

Thamani ya faida inapatikana kwa kugawa faida ya wastani ya miaka ya karibuni kwa kiwango cha mtaji kinachotangazwa. Tumpeleke mhandisi wetu huko. Tuseme faida yake ni milioni 1.2 kwa mwaka na, kwa wepesi wa hesabu, kiwango ni asilimia 10. Thamani ya faida ni milioni 12. Mara mbili ni 24, jumlisha 1.5 za vitabuni, gawanya kwa tatu, unapata milioni 8.5. Norwei aliandikiwa 1.2 na huku 8.5, na kampuni haijabadilika hata kidogo.

Naipenda kanuni ya Uswisi kwa sababu mtu yeyote mwenye mizania anaweza kuihesabu mwenyewe, na ofisa wa kodi hana nafasi ya kukisia wala ya kupatana bei na mlipakodi. Lakini nayo ina mahali inapopotoka. Kampuni changa isiyo na faida haithaminiki hivyo. Mwekezaji akitoa milioni 1 kwa asilimia 10 ya hisa, kwa hesabu ya haraka kampuni nzima ina thamani ya milioni 10, na mwanzilishi mwenye asilimia 60 ana milioni 6. Anazo kwenye karatasi. Mshahara wake ni mdogo, hisa hana wa kumuuzia, na mwekezaji alilipa bei ile kwa kuwa alipewa haki ya kurudishiwa fedha yake kwanza mambo yakiharibika. Jimbo la Zurich lilipotumia bei za wawekezaji namna hiyo, waanzilishi walipiga kelele, na mwaka 2016 jimbo likalegeza. Dalili ya uthamini ulioharibika ni hii: kodi ya mwaka mmoja inazidi kile ambacho mtu angeweza kukitoa kwenye mali hiyo kwa njia yoyote ya kawaida.

Ujerumani inaonyesha hatari nyingine, ya thamani kuzeeka. Kodi yao ya mali ilihesabu hisa na fedha kwa bei za sasa, lakini ardhi na majengo kwa thamani zilizopangwa mwaka 1964, na upande wa mashariki mwaka 1935. Kila baada ya miaka ilitakiwa kufanyika uthamini mpya wa nchi nzima. Ulikuwa mzigo mkubwa na wenye kuudhi watu, ukaahirishwa, ukaahirishwa tena. Tarehe 22 Juni 1995 Mahakama ya Katiba ilisema haiwezekani mwenye nyumba atozwe kwa bei za zamani na mwenye akiba kwa bei za leo, ikaipa serikali hadi mwisho wa 1996 kurekebisha. Serikali haikurekebisha, na tangu 1997 kodi hiyo haijatozwa. Sheria yenyewe haikufutwa. Iliuawa na daftari la uthamini.

Mwaka 1990 nchi 12 za OECD, umoja ambao nchi zake nyingi ni tajiri, zilikuwa na kodi ya namna hii. Mwaka 2017 zilibaki 4: Norwei, Uswisi, Uhispania na Ufaransa, na Ufaransa ikaiacha mwaka uliofuata, ikabakiza ya majengo na ardhi pekee. Sababu hazikuwa uthamini peke yake, hofu ya mitaji kuhama ilikuwa kubwa pia. Ila India ni mfano ulio karibu zaidi na hali yetu. Ilianza mwaka 1957 na kuacha 2015. Katika mageuzi ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 hisa na mali nyingine za uzalishaji ziliondolewa, zikabaki vitu kama viwanja vya mjini, vito na magari. Waziri wa fedha Arun Jaitley alipoifuta alilieleza bunge kwamba nchi nzima ilikusanya rupia bilioni 10.08 mwaka 2013/14. Kwa nchi ya ukubwa ule ni kama hakuna kitu, na gharama ya kuthamini vito na viwanja ilikuwa palepale. Akaweka badala yake nyongeza ya kodi ya mapato kwa wenye mapato makubwa.

Sasa kwetu. Tanzania na Kenya hatuna kodi ya mali ya namna ya Norwei, lakini tuna kodi za ardhi na majengo, na hizo zinatuonyesha tulipo kwenye uthamini. Kaunti ya Nairobi ilitoza kodi ya viwanja kwa daftari la uthamini la mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi miaka michache iliyopita. Tanzania mwaka 2021 ilihamishia kodi ya majengo kwenye LUKU kwa kiwango kilekile kwa wote: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 5,000 kwa kila ghorofa kwa nyumba za ghorofa. Viwango vimepandishwa baadaye. Kukusanya kumekuwa rahisi, sikatai, maana anayenunua umeme amelipa. Lakini angalia kilichoachwa: nyumba ya vyumba viwili Mbagala na nyumba ya chini yenye bwawa la kuogelea Masaki, kila moja na mita yake, zinalipa sawa. Serikali ilitazama gharama ya kuthamini, ikaamua kutothamini.

Kwa nini ile hesabu ya Wanorwei haiwezi kuhamishwa tu kama ilivyo? Kwa sababu inakula bei za mauzo, na bei zao zinaandikishwa kwenye masjala ya ardhi na mtu yeyote anaziona. Kwetu muuzaji na mnunuzi wote wana faida wakiandika bei ndogo kwenye mkataba, kwa kuwa ushuru wa stempu na kodi ya faida vinahesabiwa hapo. Ukiiingiza bei ya uongo kwenye hesabu nzuri, inakutolea thamani ya uongo yenye desimali. Halafu viwanja vingi havina hati, na hata chenye hati, anachomiliki Mtanzania ni haki ya kukitumia kwa miaka iliyoandikwa, 33, 66 au 99, huku ardhi ikiwa ya umma. Hati yenye miaka 12 iliyobaki haina thamani ya yenye 90, na mthamini lazima alione hilo. Upande wa kampuni, nchi zote mbili sasa zinadai kampuni zitangaze wamiliki wake wa mwisho, na hiyo ni hatua ya maana. Bado mfuate mwenye kampuni ya Dar inayomilikiwa na kampuni ya Morisi inayomilikiwa na amana ya mahali pengine, uone utafika lini.

Kwa hiyo kwa wanaosema tuanze kesho, jibu langu ni hapana, na silisemi kwa kuwaonea huruma matajiri. Tukiweka kodi ya mali leo, watakaoonekana ni wenye akiba benki na wenye nyumba zenye hati, yaani walimu wakuu, madaktari na wastaafu waliojenga. Wenye ekari nyingi zisizopimwa na kampuni za ng'ambo watakuwa kama yule mhandisi wa nne. Ningeanza na ardhi ya mijini pekee, bila majengo juu yake. Ardhi haihamii Lugano. Thamani yake inapangwa zaidi na mtaa kuliko na mwenyewe, kwa hiyo inatosha kupata bei ya mita ya mraba kwa kila mtaa, na si kuingia kila nyumba. Daftari lirekebishwe kila mwaka kwa fahirisi ya bei, ili lisilale kama la Ujerumani. Libandikwe wazi, kila mtu aone kiwanja chake na cha jirani, kwa sababu jirani ndiye mkaguzi asiyelipwa mshahara. Ushuru wa kuhamisha umiliki upunguzwe sana ili watu wasiwe na sababu ya kuficha bei. Na mjane mwenye kiwanja Kariakoo asiye na fedha aruhusiwe deni la kodi likae juu ya hati na riba ndogo hadi kitakapouzwa au kurithiwa. Mfumo huo ukisimama miaka kadhaa, tutakuwa na bei tunazoziamini, na hapo mjadala wa hisa na kampuni utakuwa na pa kushika.

Namalizia na shemeji. Kwanza afungue fomu yake ya kodi, atazame thamani ya soko iliyohesabiwa kwa nyumba yake, kabla ya punguzo. Alinganishe na bei za nyumba za aina yake zilizouzwa mtaani kwake mwaka huo. Kama thamani imezidi mno, apate tathmini ya dalali wa nyumba au mthamini aombe ipunguzwe, na aangalie hasa ukubwa wa mita za mraba na mwaka wa ujenzi, kwa maana makosa mengi huanzia kwenye taarifa hizo mbili. Pili, mkazi wa kodi wa Norwei anatakiwa kutaja mali yake yote duniani, na kiwanja cha Kibaha kimo. Mkataba wa kodi kati ya nchi mbili unaweza kubadilisha nani anatoza, ila hauondoi wajibu wa kukitaja. Ofisa wa Bergen hana njia ya kujua bei ya Kibaha, kwa hiyo atategemea karatasi atakazopewa. Ninyi mlio huku mtafutieni mthamini aliyesajiliwa, aandike ripoti yenye tarehe, ukubwa wa kiwanja, hali ya hati na bei ya viwanja viwili au vitatu vya jirani vilivyouzwa, kwa shilingi. Mkataba wa manunuzi aupige picha auhifadhi pamoja nayo. Na kama kiwanja ni cha ukoo na jina lake ni moja kati ya matano, ripoti iseme hivyo waziwazi, la sivyo atahesabiwa kiwanja kizima ilhali fungu lake ni moja tu kati ya matano.